Njoo Wiki ya Sita

Kwenye ofisi za ushauri nasaha za vyuo vyetu, foleni ina msimu wake. Wiki za kwanza za muhula benchi la nje huwa tupu, na mshauri anapata hata nafasi ya kupanga mafaili. Ikifika wiki ya 13 benchi linajaa. Ratiba ya UE ikishabandikwa, wengine husimama koridoni wakijifanya wanasoma matangazo ukutani ili anayepita asijue wamemfuata nani. Na wengi wanaoingia wakati huo, ukiwauliza mambo yalianza lini, watakutajia siku ya nyuma sana: tangu testi ya kwanza, tangu bumu lichelewe, tangu mzee augue nyumbani.

Sisi tunaofanya kazi hii ya kusikiliza wanafunzi huwa tunabandika matangazo ya kuwaita waje mapema, na nadhani wengi huyapita wakiyaona ni maneno ya upole tu, kama yale ya "karibu tena" mlangoni mwa duka. Sababu yenyewe ni ya kalenda. Chuo kina milango kadhaa ya kumsaidia mwanafunzi aliyeelemewa, na karibu yote ina tarehe ya kufungwa. Ombi la kuahirisha mtihani linatakiwa lifike kabla ya mtihani. Kuahirisha masomo kwa muhula au mwaka kuna fomu zake na muda wake. Karatasi ya daktari ina uzito ikiwa ulimwona daktari wakati unaumwa, si mwezi mmoja baadaye. Dirisha la rufaa la Bodi ya Mikopo hufunguliwa kwa siku chache, kisha hufungwa. Matokeo yakishatoka, kinachobaki ni sapu, kukeri somo au kudisko. Hapo mshauri anaweza kukusaidia kuishi na lililotokea. Kulizuia hawezi tena.

Nieleze kwa mfano mmoja. Mwanafunzi huyu simjui kwa jina kwa sababu hayupo. Nimemuunganisha kutokana na mambo yanayojirudia kila muhula. Ni kijana wa mwaka wa pili, anasoma uhandisi Dar es Salaam, mtoto wa kwanza nyumbani kwao mkoani, na wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu. Ana mkopo wa Bodi. Fedha za chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, hivyo bumu la siku 60 ni shilingi 600,000. Alisaini wiki ya kwanza, na wiki hiyohiyo mama akapiga simu: baba amelazwa, dawa nyingine zinanunuliwa nje ya hospitali. Akatuma 350,000. Hakumwambia mama kwamba amebaki na nini, wala mama hakuuliza. Kwa mama, mtoto aliyeko chuo ana hela.

Kwa zile 250,000 akalipa deni la kantini na fotokopi, akanunua kikokotoo, na nafasi ya bweni ikampita. Akaanza kubebwa, yaani kulala na mwenzake kwenye kitanda kimoja cha futi tatu. Wanaobebwa wanajua: unaingia watu wakishalala, unaondoka kabla mlinzi hajapita. Wiki ya nne akajaribu kubeti, mikeka miwili ikachanika. Wiki ya tano akapakua programu ya mkopo kwenye simu, akaomba 100,000, ikaingia pungufu kwa sababu ada hukatwa kwanza, na akatakiwa arudishe 130,000 ndani ya siku 14. Wiki ya sita ikatoka testi ya kwanza ya somo gumu kuliko yote: 4 kati ya 15.

Sasa tumsimamishe hapo wiki ya sita, tumtazame. Ukimuuliza rafiki yake, atakwambia jamaa yuko fresh. Anahudhuria darasani, anacheka. Ila vipindi vya saa 1 asubuhi ameanza kuviruka. Akisoma, anarudia ukurasa mmoja mara tatu bila kushika kitu. Simu ya mama ikiita anaiangalia mpaka ikate, kisha anatuma ujumbe: "Niko kipindini." Anakula mlo mmoja, chipsi kavu saa 10 jioni, na anasema ndivyo anavyopenda. Usiku kitanda kikiwa chembamba na kichwa kikiwa na hesabu za deni, usingizi unakuja saa 9 alfajiri.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni ugonjwa, na ndiyo maana haji. Anasubiri awe mgonjwa kwanza. Wanafunzi wengi hupima hivi: kama bado natembea, bado nacheka, basi sijafikia kiwango cha kwenda kuongea na mtu. Kipimo cha maana kiko kwingine. Angalia kilichobadilika ukijilinganisha na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita, kwenye usingizi, chakula, masomo na watu, na kama mabadiliko hayo yamekaa wiki mbili bila kuondoka. Huzuni ya siku tatu baada ya testi mbaya ni mambo ya kawaida. Wiki mbili za kukwepa simu ya mama ni jambo jingine.

Akija wiki hiyo, hiki ndicho kitatokea. Anagonga, anaamkia: "Shikamoo, madam." Anakaribishwa kiti. Kabla ya lolote anaelezwa habari za usiri, nami nitazirudia chini. Kisha mshauri anamuuliza amekuja na nini, na kwa kawaida jibu la kwanza si lenyewe. Vijana wa kiume hasa huingia na jambo la pembeni: "Nataka kujua namna ya kusoma vizuri." Mshauri mzoefu hamkatizi wala hamrukii. Anamuuliza analala saa ngapi, ameamka saa ngapi leo, amekula nini jana. Maswali ya mwili hayamwaibishi mtu, na majibu yake huvuta mengine. Analala wapi? Kwa nini kwa mwenzake? Nafasi ya bweni ilikwenda wapi? Dakika 20 hivi, na ile 350,000 imeshatajwa.

Huenda akapewa karatasi yenye maswali 9, kipimo kinachoitwa PHQ-9, ambacho kina tafsiri ya Kiswahili na kimefanyiwa utafiti Kenya na Tanzania. Kinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo, kujisikia huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, kukosa umakini, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kijana wetu wiki ya sita anapata 9, ambayo bado iko kwenye kundi la dalili hafifu. Kuanzia 10 mshauri hutaka kuchunguza zaidi. Alama hizo hazitoi hukumu ya kwamba una sonona. Zinaonyesha pa kuangalia. Mtu mwenye upungufu wa damu au malaria naye anaweza kujaza uchovu na kukosa usingizi akapata alama nyingi, kwa hiyo mshauri makini humpeleka kwanza zahanati ya chuo akapimwe, asije akashauriwa kuhusu mawazo kumbe damu imepungua.

Baada ya hapo kinatoka kipande cha karatasi kingine, kitupu. Anaandika kila kinachomkaa kichwani, bila mpangilio. Kwake yeye yanatoka mambo saba: baba kuumwa, deni la simu, testi, kitanda, mama atajua, mzunguko wa chakula, na rafiki wa kike aliyeanza kuwa mkimya. Kisha wanayagawa: yapi anaweza kuyafanyia kitu, yapi hawezi, na yapi hayana uzito sana kwa sasa. Ugonjwa wa baba unakwenda upande wa asivyoweza. Hapa wengi hunyamaza kidogo. Kijana amekuwa akibeba ugonjwa huo kama kazi aliyopangiwa na akashindwa kuifanya. Kumbe kazi yake ni kuwa mtoto wa mgonjwa, na hiyo ina uzito wake na huzuni yake, ila haina tarehe ya mwisho wala maksi.

Kutoka upande wa anavyoweza wanachagua kimoja tu. Mtu aliyeelemewa hutaka kutatua vyote Jumatatu. Ikifika Jumatano amechoka, ameacha vyote. Wanachagua deni, kwa kuwa ndilo linalokua kila siku. Wanaandika kila njia inayokuja, hata za kipuuzi: kuuza simu, kukopa kwingine ili kulipa huku, kumwambia baba mdogo, kuomba kibarua cha wikiendi, kutoroka. Halafu wanazipima moja moja. Kukopa kwingine kunafutwa palepale, kwa sababu ndiyo njia ambayo mikopo hii inamalizia watu. Mtaani mikopo ya riba kubwa imeitwa kausha damu, na ya kwenye simu ina kisu kingine: ukichelewa, wakopeshaji wengine hutuma ujumbe wa kukudhalilisha kwa kila aliyemo kwenye orodha yako ya namba, mwalimu, shangazi, mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kijana anaambiwa aangalie kama yake imo. Kisha anaandaa ujumbe mfupi wa kuwatumia mapema watu wake wa karibu: mkipokea habari za mkopo kwa namba msiyoijua, ni mimi, nashughulikia, msijibu wala msilipe. Ujumbe huo unamwondolea mkopeshaji silaha yake, maana aibu inayotangazwa na mwenyewe haiuziki tena.

Anachagua kumwambia baba mdogo. Wanafanya mazoezi ya simu hiyo mle ofisini. Hili huwachekesha wanafunzi mwanzoni, lakini ndipo kazi ilipo. "Shikamoo, baba mdogo. Nina jambo nataka kukwambia, naomba usimwambie mama leo." Anajaribu mara ya kwanza, anaishia kuuliza hali ya mvua. Mara ya pili anafika kwenye kiasi. Wanakubaliana atapiga lini: Jumamosi, saa 2 usiku, akiwa nje ya bweni, akiwa ameshakula. Kupanga hivyo kunaonekana kama utoto, ila mpango usio na siku na saa huwa haufanyiki, na mshauri ameona mingi ikifa.

Testi inapigiwa hesabu pia. Katika mfumo ambao kozi-weki ni 40 na UE ni 60, baadhi ya vyuo vinamtaka mwanafunzi awe na angalau 16 kati ya zile 40 ndipo aruhusiwe kukaa kwenye mtihani wa mwisho. Ana 4 za testi ya kwanza. Tuseme kazi za nyumbani na maabara zina alama 10 na yeye kwa kawaida hupata 6. Anahitaji 6 kati ya 15 kwenye testi ya pili. Sita! Alikuwa ameshajihesabu amedisko, na kitu anachodaiwa ni alama 6 kati ya 15, akiwa na wiki tano mkononi. Nimeona uso wa mtu ukibadilika kwa hesabu ya namna hii kuliko kwa faraja yoyote.

Kingine anachopewa siku hiyo ni kuhusu usingizi, na hapa lazima niwe mkali kidogo kwa utamaduni wetu wa kukesha. Mwili ukiona tishio, liwe la simba au la deni, humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, akili inatafuta hatari. Hali hiyo ikikaa hadi usiku, usingizi haushiki. Na yale uliyosoma mchana hupangwa na kukazwa kwenye kumbukumbu ukiwa umelala. Watafiti waliopima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo waliwakuta wanafanya vibaya kwenye majaribio ya umakini sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Aliyeamka saa 12 asubuhi hufika hapo saa 5 usiku, muda ambao diskasheni ndiyo kwanza inachangamka. Kijana anaombwa jambo moja: saa ya kuamka iwe ileile kila siku, hata Jumapili, na kulala tutahangaika nako baadaye. Kuhusu kitanda, anaandikiwa karatasi ya kwenda nayo kwa Mshauri wa Wanafunzi kuulizia nafasi zinazoachwa wazi katikati ya muhula, kwani huwa zipo, na wanaouliza ni wachache.

Hiyo ni dakika 50. Anapewa siku ya kurudi baada ya wiki moja. Akirudi, wanaangalia kilichofanyika na kilichokwama, wanachukua jambo la pili. Wengi wa namna yake humaliza kwa vikao vinne hadi sita.

Sasa mchukue kijana yuleyule, asije wiki ya sita, aje wiki ya 13. Lile deni la 130,000 alililipa kwa mkopo wa programu ya pili, na ya pili kwa ya tatu. Zote kwa pamoja zinamdai zaidi ya 400,000, na ujumbe umeshamfikia mwalimu wake wa sekondari. Testi ya pili hakuifanya. Siku hiyo aliamka, akavaa, akafika hadi mlangoni mwa ukumbi, miguu ikakataa. Akarudi bwenini akalala hadi jioni. Hana karatasi ya daktari, kwa hiyo amepewa sifuri, na kozi-weki yake imesimama kwenye 10 kati ya 40. Rafiki wa kike ameondoka. Mama amejua, tena kwa mtu baki. Kwenye yale maswali 9 anapata 17, kundi la dalili nzito kiasi, na lile swali la mwisho hakuliwekea sifuri.

Mshauri ni yuleyule, kiti ni kilekile. Lakini kikao hiki hakiwezi kuanza na karatasi ya mambo saba. Kinaanza na usalama wake usiku wa leo: yuko na nani, nani apigiwe simu, daktari wa magonjwa ya akili anaweza kumwona lini. Huenda akahitaji dawa, na dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha nafuu, wakati UE iko wiki mbili mbele. Anasaidiwa, na wengi wa hali hii hupona na kuhitimu, nimewaona. Ila atapoteza muhula, pengine mwaka, kwa jambo lililokuwa na ukubwa wa 130,000 na alama 6.

Je, kuongea kunatibu kweli, au ni kupoteza muda na mtu mpole? Mfano ninaoupenda unatoka Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani, wahudumu wa afya wa kujitolea, wakae na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kufanya nao kitu kinachofanana sana na ile karatasi ya mambo saba: taja yote, chagua moja, panga hatua, rudi tuone. Wazimbabwe wana neno la kuwaza kupita kiasi, kufungisisa, na bibi walitumia hilo badala ya majina ya kitabuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu 573 kwenye kliniki za jiji hilo. Baada ya miezi sita, waliokaa benchi wenye dalili za sonona walikuwa takriban mmoja kati ya saba. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu nusu. Wengi wao hawakuwa wanafunzi, walikuwa watu wazima wenye shida za maisha, na vikao vilikuwa vya kupangwa, si soga. Kwa hiyo sitasema matokeo yatakuwa hivyohivyo kwako. Nasema tu kwamba kitu hiki kimepimwa, na benchi hilo tayari limefika hadi Zanzibar.

Zipo hofu mbili zinazowazuia watu, na zote zina haki ya kujibiwa. Ya kwanza ni siri. Unachosema hakiendi kwa mkuu wa idara, wala kwa mzazi, wala kwenye faili lako la masomo. Ukihitaji barua ya kuonyesha kwamba unahudumiwa, inaandikwa kwa ridhaa yako na haitaji ulichosema. Mipaka ya usiri ni michache, nayo unaelezwa kabla hujaanza: maisha yako yakiwa hatarini, mtu mwingine akiwa hatarini, au mahakama ikiagiza. Hata hapo wanaoambiwa ni wale tu wanaohitajika kukulinda. Mshauri anayekuelezea habari za mteja mwingine, hata bila jina, ameshakuonyesha zako zitafikia wapi. Aga, na uombe mwingine. Vivyo hivyo kwa anayeongea kuliko wewe, au anayekuhubiria dakika 40. Kwenda kwa sheikh au mchungaji ni jambo jema na wengi wanafanya yote mawili. Aliyekaa kwenye kiti cha ushauri nasaha afanye kazi ya kiti hicho.

Hofu ya pili ni kubwa zaidi, ni ya yule aliyefikia kuwaza kufa. Anajua kwamba sheria ya Tanzania, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217, inafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na anaogopa kwamba akitamka ataitiwa polisi. Sheria hiyo inazungumzia jaribio. Kumwambia mshauri au daktari kwamba mawazo hayo yanakujia si kosa, na ndilo jambo la maana kuliko yote unayoweza kumwambia. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Kwa upande wa marafiki, msiogope kuuliza waziwazi: "Umefikia kuwaza kujiua?" Utafiti umeonyesha kwamba swali hilo halimpandikizi mtu wazo, mara nyingi humpa nafuu kwamba sasa kuna anayejua. Akikubali, na hasa akiwa na mpango, usimwache peke yake, na usingoje miadi. Mpeleke siku hiyohiyo zahanati ya chuo au idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, au aliyekaa siku kadhaa bila kulala huku akiwa na nguvu na mipango mikubwa isiyoisha, naye ni wa hospitali siku hiyo.

Rafiki, kwa kweli, ndiye anayeona kabla yetu. Anajua nani anabebwa, nani ameacha kula, nani ameondoka kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kumwambia mtu "nenda kwa mshauri" huwa hakusaidii, kunasikika kama umemfukuza. Kumwambia "twende, nitakusubiri nje" kunafanya kazi mara nyingi zaidi. Na anayekuja kwa kisingizio cha "rafiki yangu ana tatizo" naye aje tu. Tumezoea. Tunamjibu kuhusu huyo rafiki kwa uzito uleule, na wengine kwenye kikao cha pili rafiki hupotea, anabaki yeye.

Kuingia hakuhitaji barua ya rufaa wala kuthibitisha kwamba unateseka vya kutosha. Vyuo vingi huiweka huduma hii chini ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au kwenye kituo cha afya cha chuo. Uliza mapokezi, au mtumie ujumbe waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi. Mshauri akiwa na mtu, andika namba yako ya simu na saa usizo na kipindi, utapigiwa. Ukishaketi na ukakosa pa kuanzia, mwambie ulilala saa ngapi jana na uliamka saa ngapi leo, kisha mwachie yeye swali linalofuata.